Asidi ileile, bikari mbili: uchambuzi wa jibu la swali la bafa na maji safi

Swali lilikuwa hivi. Bikari A ina 100 cm³ za maji safi. Bikari B ina 100 cm³ za bafa ambamo ukolezi wa asidi ya ethanoiki, CH₃COOH, ni 0.10 mol/dm³, na ukolezi wa sodiamu ethanoeti, CH₃COONa, nao ni 0.10 mol/dm³. Kila bikari inaongezewa 1.0 cm³ ya asidi haidrokloriki, HCl, yenye ukolezi wa 1.0 mol/dm³. Kokotoa pH ya kila bikari kabla na baada ya kuongeza asidi, kisha eleza kwa nini matokeo yanatofautiana. Ka ya asidi ya ethanoiki ni 1.74 × 10⁻⁵ mol/dm³ na halijoto ni 25°C.

Nililitoa kwenye jaribio la kidato cha sita hapa Mtwara mjini, kwa wanafunzi wa PCB na PCM waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa taifa. Ni swali la kawaida, na karibu kila mwanafunzi huliona rahisi akilisoma mara ya kwanza. Jibu ninalotaka kulichambua ni la binti mmoja wa PCB, mwanafunzi mzuri kwa kweli. Jibu lake lina kosa ambalo nimelikuta kwa wengi, ila kwake lilijionyesha wazi kuliko kwa mwingine yeyote.

Kwa bikari A aliandika vizuri kabisa. Maji safi kwenye 25°C yana pH ya 7.00. HCl ni asidi kali, kwa hiyo yote hugawanyika kuwa H⁺ na Cl⁻. Moli za asidi iliyoongezwa ni 1.0 × 0.001 = 0.0010. Ujazo sasa ni 101 cm³, yaani 0.101 dm³, kwa hiyo ukolezi wa H⁺ ni 0.0010 ÷ 0.101 = 0.0099 mol/dm³, na pH ni 2.00. Maji yameshuka vizio vitano vya pH kwa sababu ya sentimita moja ya ujazo ya asidi. Hapo alama zote ni zake.

Kwa bikari B alianza vizuri pia. Kwa kuwa ukolezi wa asidi na wa chumvi unalingana, ukolezi wa H⁺ ni sawa na Ka, 1.74 × 10⁻⁵, na pH ni 4.76. Kisha akaandika mstari huu: H⁺ jumla = 1.74 × 10⁻⁵ + 0.0099 = 0.0099, pH = 2.00. Chini yake, kwenye sehemu ya maelezo, akaandika kwamba bafa huzuia mabadiliko ya pH, kwa hiyo pH ya bikari B haikubadilika.

Soma mistari hiyo miwili kwa pamoja. Hesabu yake inasema bafa imeanguka kutoka 4.76 hadi 2.00, mahali palepale palipofika maji. Maelezo yake yanasema bafa haikubadilika. Sentensi ile alikuwa ameikariri tangu siku ya kwanza ya mada, na hesabu aliifanya kwa mkono wake, lakini vyote viwili vilikaa kwenye karatasi moja bila kimoja kukiuliza kingine. Na jambo lenyewe ni kwamba vyote viwili si sahihi. pH ya bafa haikufika 2.00, wala haikubaki pale pale.

Nilipomwita tuipitie karatasi, aliniuliza swali la haki. "Mwalimu, asidi si imeingia humo humo? Kama imeingia, mbona tusiijumlishe?"

"Imeingia, mwanangu," nikamwambia. "Sasa niambie, ilipoingia ilimkuta nani?"

Hilo ndilo swali ambalo hesabu ya bafa inategemea. Katika bikari A, H⁺ inayoingia haimkuti yeyote wa kuipokea. Ioni za OH⁻ zilizomo kwenye maji safi ni 1.0 × 10⁻⁷ mol/dm³ tu, kidogo mno mbele ya 0.0099. Ioni za Cl⁻ zilizokuja nayo haziitaki, kwa sababu HCl ni asidi kali, na maana ya ukali wake ni kwamba Cl⁻ ikishaachana na H⁺ ndani ya maji haina nguvu ya kuirudisha. Kwa hiyo karibu kila H⁺ iliyoingia inabaki huru, na pH hupima hizo zilizo huru.

Katika bikari B, H⁺ inakuta ioni za ethanoeti, CH₃COO⁻, zikiwa 0.10 mol/dm³. Hizi ni besi ya asidi dhaifu, na asidi ikiwa dhaifu maana yake besi yake huishika H⁺ vizuri. Mmenyuko ni huu:

CH₃COO⁻ + H⁺ → CH₃COOH

Kiwango chake cha msawazo ni 1 ÷ Ka, yaani takriban 57,500, namba kubwa inayotosha kusema kwamba mmenyuko unaenda karibu wote upande wa kulia. Ni kama fedha inayoingia dukani wakati wadai wamesimama mlangoni: huwezi kuihesabu kama akiba kabla hawajachukua chao.

Nilimwonyesha pia njia ya kuikamata hesabu yake yeye mwenyewe. Tuchukulie kwa dakika moja kwamba yuko sahihi na H⁺ huru kweli ni 0.0099. Ethanoeti bado ni takriban 0.10 na asidi ya ethanoiki bado ni takriban 0.10, kwa hiyo uwiano wa H⁺ × CH₃COO⁻ kwa CH₃COOH unakuwa 0.0099. Lakini kwenye msawazo uwiano huo lazima uwe 1.74 × 10⁻⁵. Umezidi karibu mara 570. Mchanganyiko wa namna hiyo hauwezi kutulia. H⁺ na CH₃COO⁻ zitaendelea kuungana hadi uwiano urudi kwenye Ka. Aliitazama ile 570 kwa muda, akachukua kalamu, akaufuta mwenyewe mstari wa kujumlisha.

Basi hesabu sahihi huanza na moli, wala si pH. Kabla ya asidi kuingia, katika 100 cm³ za bafa kuna moli 0.010 za CH₃COOH na moli 0.010 za CH₃COO⁻. Zinaingia moli 0.0010 za H⁺. Kila moja inachukua ethanoeti moja na kuigeuza kuwa asidi ya ethanoiki. Ethanoeti inashuka kutoka 0.010 hadi 0.009. Asidi ya ethanoiki inapanda kutoka 0.010 hadi 0.011. Hapo ndipo tunaingia kwenye mlinganyo wa bafa:

pH = pKa + log(moli za CH₃COO⁻ ÷ moli za CH₃COOH)

pH = 4.76 + log(0.009 ÷ 0.011) = 4.76 − 0.09 = 4.67

Hakuna haja ya kugawanya kwa 0.101 dm³ hapa, maana asidi na chumvi ziko ndani ya ujazo uleule na ujazo unafutika kwenye uwiano. Mwanafunzi akiugawanya hakosi, ila anajitafutia kazi na nafasi ya kukosea. Kwenye bikari A ujazo haufutiki, na hapo lazima uhesabiwe.

Maji yameshuka kwa 5.00 na bafa kwa 0.09. Ila pH ni kipimo cha logi, na logi huficha ukubwa wa mambo, kwa hiyo huwa nawaomba wanafunzi waigeuze kuwa ukolezi wa H⁺ angalau mara moja. Katika maji, ukolezi ulitoka 1.0 × 10⁻⁷ hadi 9.9 × 10⁻³, yaani uliongezeka mara 99,000. Katika bafa ulitoka 1.74 × 10⁻⁵ hadi 2.13 × 10⁻⁵, yaani uliongezeka mara 1.22. Ukitaka kuona zaidi, tazama ongezeko lenyewe: katika bafa H⁺ huru ziliongezeka kwa 0.39 × 10⁻⁵ tu, wakati zilizoingia zingetosha kuleta 0.0099. Katika kila H⁺ 2,500 hivi zilizomiminwa, moja tu ndiyo iliyobaki huru. Zilizobaki zote zimo ndani ya molekuli za asidi ya ethanoiki.

Kwa sababu hiyo siipendi kabisa sentensi ya "pH ya bafa haibadiliki", na msahihishaji makini hataipa alama kamili. pH imebadilika, imeshuka kwa 0.09, na ilikuwa lazima ishuke, kwa sababu uwiano wa ethanoeti kwa asidi umeshuka kutoka 1 hadi 0.82. Bafa hupunguza mabadiliko, haiyafuti.

Kosa la pili lilikuwa la kijana wa PCM aliyekaa dawati la nyuma. Alijua kwamba lazima moli zihesabiwe kwanza, ila akageuza pande: akaipunguza asidi ya ethanoiki hadi 0.009 na kuiongeza ethanoeti hadi 0.011. Akapata pH 4.85. Huyu alihitaji swali moja tu: umeongeza asidi, inakuwaje pH inapanda? Ukaguzi huo hauhitaji kikokotoo na unachukua sekunde chache. Ukiongeza asidi kali, jibu lazima liwe chini ya 4.76, ukiongeza besi kali, liwe juu yake. Akipata kinyume, amegeuza pande. Chanzo cha kosa lake ni kudhani kwamba HCl inamenyuka na asidi ya ethanoiki. Asidi mbili hazina cha kumenyuka hapo. Anayeipokea H⁺ ni yule mwenye chaji hasi, ethanoeti.

Sehemu ya maelezo, basi, ingeandikwa namna gani ili ipate alama zote? Mimi ningeiandika hivi. Katika maji safi hakuna besi ya kutosha ya kupokea H⁺ kutoka HCl, kwa hiyo karibu zote hubaki huru, ukolezi wa H⁺ hupanda hadi 0.0099 mol/dm³ na pH hushuka kutoka 7.00 hadi 2.00. Katika bafa kuna akiba kubwa ya CH₃COO⁻ inayoungana na H⁺ zilizoongezwa na kutengeneza CH₃COOH, ambayo ni asidi dhaifu na hugawanyika kidogo sana. Uwiano wa CH₃COO⁻ kwa CH₃COOH hubadilika kidogo, kutoka 0.010 ÷ 0.010 hadi 0.009 ÷ 0.011, kwa hiyo pH hushuka kidogo tu, kutoka 4.76 hadi 4.67. Sentensi tatu, pamoja na mmenyuko ule ukiandikwa. Anayeiacha milinganyo na kuandika ukurasa mzima kuhusu faida za bafa kwenye damu anatumia muda wake vibaya.

Maneno "kiasi kidogo cha asidi kali" nayo wanafunzi huyapita haraka. Kidogo ukilinganisha na nini? Si na ujazo wa bikari. Ni ukilinganisha na moli za ethanoeti zilizomo. Tuliongeza 0.0010 penye 0.010, yaani sehemu moja ya kumi, na bafa ikahimili bila shida. Tukiongeza 5 cm³ za HCl ileile, ethanoeti inabaki 0.005 na asidi inafika 0.015, na pH inakuwa 4.28. Bado ni bafa, lakini inaanza kulemewa. Kwenye 9 cm³ pH imefika 3.48. Kwenye 10 cm³ ethanoeti yote imekwisha, na kilichobaki ni moli 0.020 za asidi ya ethanoiki peke yake katika 110 cm³, yenye pH ya takriban 2.75. Kuanzia hapo kila tone la HCl linalofuata linabaki huru kama lilivyokuwa kwenye maji. Hapo mlinganyo wa bafa hautumiki tena, na anayeendelea kuutumia atajikuta anatafuta logi ya sifuri. Kikokotoo kikimwandikia kosa, kinamwambia ukweli wa kemia: hakuna tena bafa ndani ya bikari.

Nikawaongezea swali lingine ambalo nadhani ni zuri kuliko lile la kwanza. Bafa ileile ichanganywe na maji hadi ukolezi wa kila upande uwe 0.010 mol/dm³ badala ya 0.10. pH yake ni ngapi? Ni 4.76 vilevile, maana uwiano haujabadilika. Sasa chukua 100 cm³ zake uongeze 1.0 cm³ ya HCl ileile. Safari hii ethanoeti iliyomo ni moli 0.0010 tu, na H⁺ inayoingia ni 0.0010. Ethanoeti yote inaisha kwa mkupuo mmoja. Inabaki asidi ya ethanoiki moli 0.0020 katika 0.101 dm³, na pH inaangukia karibu 3.23. Bafa mbili zenye pH moja kabisa zikapewa asidi moja: moja ikashuka kwa 0.09, nyingine kwa zaidi ya kizio kimoja na nusu. pH inakueleza uwiano ukoje. Haikuelezi akiba ni kubwa kiasi gani, na akiba ndiyo inayopambana na asidi.

Mambo haya yanaonekana kwa macho hata kwenye maabara isiyo na kipima pH, na shule nyingi za huku kusini ziko hivyo. Tunatumia methili oranji, ambayo huwa ya njano pH ikiwa juu ya 4.4 na nyekundu ikiwa chini ya 3.1. Weka matone mawili ya kiashiria hicho kwenye kila bikari. Maji yanakuwa ya njano na bafa yenye pH 4.76 inakuwa ya njano, kwa hiyo mwanzoni huoni tofauti. Dondosha HCl ya 1.0 mol/dm³ kwa kitoneshi. Tone moja ni takriban 0.05 cm³. Kwenye maji, matone mawili yanatosha: moli 0.0001 katika 100 cm³ huleta pH ya 3.0, na rangi inageuka nyekundu. Kwenye bafa utadondosha hadi uchoke. Rangi itaanza kuelekea chungwa ukishapita 4 cm³ hivi, na nyekundu kamili itakuja karibu na 9.7 cm³. Hapo tumia bureti.

Halijoto nayo ina neno. Siku ya joto maabara yetu inafika 30°C bila shida, na hapo maji safi yasiyo na asidi wala besi yana pH ya takriban 6.92. Si kwamba yamekuwa ya asidi. Ni kwamba yanagawanyika zaidi kidogo, H⁺ na OH⁻ zikiongezeka kwa usawa. Ndiyo maana swali linataja 25°C, na mwanafunzi anayeandika 7.00 aonyeshe kwamba ameiona. Vilevile maji yaliyokaa wazi hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani na kushuka hadi karibu 5.6. Ukiyapima ukakuta si 7, usikimbilie kulaumu kipimo.

Lakini shida kubwa iliyotupata ilitokana na maji yenyewe. Kikundi kimoja kilikosa maji yaliyokenekwa, kikachota ya kisima. Wakadondosha matone mawili, rangi ikabaki ya njano. Matone matano, njano. Wakaja kuniambia kwamba hesabu ya bikari A si kweli. Nikawauliza kisima kiko wapi. Kiko upande wa Mikindani, kwenye jiwe la matumbawe.

Jiwe la matumbawe ni chokaa, CaCO₃. Maji ya mvua yenye kabonidayoksaidi yakipita ndani yake huliyeyusha polepole na kubeba ioni za bikaboneti, HCO₃⁻. Bikaboneti ni besi ya asidi dhaifu, kama ilivyo ethanoeti. H⁺ ikiingia, inaipokea:

HCO₃⁻ + H⁺ → H₂CO₃ → H₂O + CO₂

Tuseme maji yana miligramu 305 za bikaboneti kwa lita, kiasi cha kawaida kwa maji ya ardhi ya chokaa. Hiyo ni 0.005 mol/dm³, yaani moli 0.0005 katika 100 cm³. Matone mawili ya HCl yanaleta moli 0.0001, sehemu ya tano ya akiba hiyo. Lazima rangi ibaki ya njano. Inatakiwa karibu nusu sentimita ya ujazo, matone kumi, kuimaliza bikaboneti, halafu moja au mawili zaidi ndipo nyekundu itokee. Kikundi kile kilipoendelea, rangi iligeuka baada ya tone la kumi na moja.

Kwa hiyo bikari yao ya "maji safi" ilikuwa bafa nyingine, ndogo, isiyopimwa na mtu. Tuliandika kwenye daftari la maabara kwamba kwa jaribio hili maji yawe yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi bila kupita kwenye bati lenye vumbi la chokaa, na kwamba kabla ya kuanza, matone mawili ya HCl yajaribiwe kwenye maji peke yake. Yasipogeuka nyekundu, maji hayo hayafai kuwa bikari A. Binti wa PCB ndiye aliyeshika kalamu, na chini ya maelekezo akaongeza kwa hesabu yake mwenyewe moli za bikaboneti zilizokuwa kwenye yale maji ya kisima, akianzia kwenye tone la kumi na moja na kurudi nyuma: matone 11, mara 0.05 cm³, mara 1.0 mol/dm³, moli 0.00055, toa moli 0.0001 hivi zinazohitajika kuigeuza rangi yenyewe. Jibu lake, 0.00045, liliwekwa kwenye daftari hilo kama kipimo cha kwanza cha kisima kile.